Shajara ya mradi: hatua sita zinageuzwa kuwa kisiwa kimoja

Kazi inayoandikwa hapa ni gemu ndogo iliyokuwa na hatua sita zinazofuatana, ambayo sasa inageuzwa kuwa dunia wazi. Mchezaji anatua ufukweni usiku, na kazi yake ni kuwasha tena taa ya mnara iliyozimwa na walanguzi wa magendo ili mashua zao zipite gizani. Hatua za zamani ni Ufuko, Mikoko, Kijiji, Magofu, Pango na Mnara. Injini ni Godot 4, ambayo haina malipo, na wanaofanya kazi ni wawili: mbunifu na mtunga programu. Gharama inaandikwa kwa saa za kazi. Anayetaka kuiga, aanze na ingizo la kwanza, maana makosa mengi yaliyofuata yalitokana na kulipuuza.

12 Januari 2025. Maana kabla ya ramani (saa 6)

Watu wengi wakisikia dunia wazi wanafikiria ukubwa, au wanafikiria gemu isiyosimama kupakia. Vyote viwili si maana yake. Half-Life 2 ya mwaka 2004 ina sehemu ndefu ambapo mchezaji anaendesha gari kando ya bahari, anga yote iko wazi mbele yake, na bado ni gemu ya mstari mmoja: barabara ni ile ile kwa kila mchezaji, na kila kituo kinakuja baada ya kile kilichotangulia. Upande wa pili, The Legend of Zelda ya mwaka 1986 ilikuwa na ramani ambayo leo ingeonekana ndogo sana, lakini mchezaji alitembea alikotaka, na mapango kadhaa aliweza kuyaingia bila kufuata namba zake.

Kinachotenganisha ni nani anayeshika mpangilio. Katika hatua za mstari, mbunifu anajua mchezaji ametoka wapi, ana nini mkononi, ameshaambiwa nini na anatazama upande gani. Katika dunia wazi mbunifu hajui hata kimoja kati ya hivyo, na kila kitu alichojenga lazima kisimame bila ujuzi huo.

Ili maana hii isibaki hewani, tunatumia kipimo kimoja. Andika maeneo yote, yapange wawili wawili, na kwa kila jozi uliza: je, mchezaji anaweza kumaliza la pili kabla ya la kwanza na gemu bado ikaeleweka? Maeneo sita yanatoa jozi 15. Katika gemu ya zamani jibu lilikuwa hapana kwa zote 15. Kisha tukaamua ni jozi zipi zinastahili kubaki zimefungwa. Ufuko ni mwanzo kwa kila mchezaji, kwa hiyo jozi zake 5 hazigeuki. Taa ya Mnara inahitaji utambi kutoka Kijijini na mafuta kutoka Magofuni, hizo ni jozi 2 nyingine. Zinabaki 8 zinazogeuka.

Hesabu hiyo ina faida moja kubwa. Kama maeneo yote sita yangeachwa huru kabisa, kungekuwa na mifuatano 720 ya kuyamaliza. Kwa masharti yetu mifuatano ni 40 tu. Watu wawili wanaweza kujaribu 40 kwa mkono, lakini 720 hawaiwezi. Breath of the Wild ya mwaka 2017 inafanya jambo la aina hii hii: inaanza kwenye uwanda uliofungwa, inampa mchezaji vifaa vya msingi, halafu inamwachia nchi nzima, hata ngome ya adui wa mwisho akitaka kwenda moja kwa moja. Mwanzo uliofungwa hauifanyi kuwa ya mstari. Unampa mbunifu mambo machache anayoweza kuyategemea popote pengine.

26 Januari. Ramani ya kwanza imetupwa (saa 46, kati ya hizo 38 zimepotea)

Ramani ya kwanza ilikuwa kilomita 2 kwa 2. Kuta zilizozitenga hatua ziliondolewa, maeneo sita yakasambazwa kisiwani, ardhi ikachongwa na miti ikapandwa. Ilipendeza kwenye picha. Ilipochezwa, mtu alitoka Ufukoni, akakimbia, akakimbia tena, akauliza kama gemu imeharibika.

Sababu iko kwenye hesabu ambayo ilipaswa kufanywa kabla ya kuchonga kilima hata kimoja. Mhusika anakimbia mita 5 kwa sekunde. Kilomita za mraba 4 zikigawiwa maeneo 6, kila eneo linapata takriban mita za mraba 667,000, yaani umbali wa kama mita 800 kutoka moja hadi jingine. Hiyo ni sekunde 160 za kukimbia bila kukutana na lolote. Kwenye hatua za mstari tatizo hili halikuwepo, kwa sababu hatua ilipoisha skrini ilizima na mchezaji akajikuta mwanzoni mwa inayofuata. Umbali kati ya Kijiji na Magofu haukuwepo kabisa. Dunia wazi inauleta, na ukishaletwa lazima ujazwe au ufupishwe.

Tulifanya yote mawili. Kisiwa sasa ni kilomita 1 kwa 1, na maeneo madogo 18 yameongezwa: kisima, kaburi la zamani, jahazi lililokwama, banda la mvuvi na mengine ya namna hiyo. Maeneo 24 katika mita za mraba 1,000,000 yanatoa umbali wa kama mita 200, yaani sekunde 40. Tulijaribu pia sekunde 20 kwa kusogeza sehemu moja ya kisiwa, na ikawa mbaya kwa namna nyingine: kila unapogeuka kuna kitu, mchezaji haoni tena kwamba amechagua njia, anaokota tu kinachomjia. Sekunde 40 ndizo zilizobaki.

Anayeiga kazi hii asianze na chombo cha kuchonga ardhi. Aweke maboksi 24 kwenye uwanda mtupu, akimbie kati yake kwa dakika kumi, arekebishe, na ardhi ije mwisho. Ramani ya pili ilijengwa hivyo kwa saa 8.

9 Februari. Migongo ya nyumba (saa 21)

Ingizo fupi. Nyumba 11 za Kijiji cha zamani zilikuwa na uso tu. Kamera ilipita barabarani kutoka kusini kwenda kaskazini, hivyo hakuna aliyewahi kuona upande wa nyuma. Sasa mchezaji anaweza kushuka kutoka mlimani na kuingia Kijijini kupitia mabanda ya kuku, na alichokiona mara ya kwanza ni kuta zisizo na mgongo na anga ikionekana ndani ya vyumba.

Hatukujenga migongo 11. Nyumba 5 zimekamilishwa pande zote, na 6 zimegeuzwa, zikaegemezwa kwenye mwamba au kuunganishwa mbili mbili ili zifichane mgongo. Kabla ya kuhamisha chochote kutoka gemu ya mstari, zunguka kila kitu kwa kamera huru ukihesabu pande ambazo hazipo. Makadirio yetu ya awali yalikuwa saa 5.

23 Februari. Nani anajua nini (saa 52)

Hapa ndipo tofauti kati ya aina mbili za ubunifu inapoonekana kwa ukaribu kuliko mahali pengine popote.

Faili ya kusevu ya gemu ya zamani ilikuwa na namba moja: hatua uliyofikia. Namba hiyo ilitosha kwa kila kitu. Ikiwa ni 4, basi mchezaji ana panga, ameongea na mzee wa Kijiji, anajua kuhusu magendo, na daraja la Mikokoni limeshavunjika. Mpangilio wenyewe ndio uliokuwa kumbukumbu. Mpangilio ukiondoka, kumbukumbu inaondoka nao.

Hitilafu ya kwanza iliyotuonyesha hili ilikuwa ya mazungumzo. Mchezaji alipita Magofuni kwanza akachukua mafuta, kisha akaenda Kijijini. Alimsalimu mzee, "Shikamoo," mzee akajibu "Marahaba, mwanangu. Nenda Magofuni ukatafute mafuta ya taa." Dumu la mafuta linaonekana mkononi mwa mchezaji wakati mzee anasema hivyo.

Jaribio la kwanza la kurekebisha lilikuwa kuongeza masharti ndani ya mazungumzo yenyewe: kama ana mafuta, sema hivi; kama ana mafuta na ameshaona Pango, sema vile. Baada ya wahusika watatu skripti zilikuwa hazisomeki, na kila eneo jipya lilihitaji kufungua faili za wahusika wote. Saa 17 ziliishia hapo na kazi hiyo imefutwa.

Jaribio la pili limefaulu. Kuna kamusi moja ya mambo yaliyokwisha kutokea, na kila mstari wa mazungumzo unabeba masharti yake. Mhusika anachagua mstari wenye masharti mengi zaidi ambayo yote yametimia:

```gdscript
var ukweli = {}

func chagua(mistari):
    mistari.sort_custom(func(a, b):
        return a.masharti.size() > b.masharti.size())
    for m in mistari:
        if m.masharti.all(func(k): return ukweli.get(k, false)):
            return m
    return null
```

Mstari usio na sharti lolote unapita siku zote, kwa sababu `all` kwenye orodha tupu inarudisha kweli. Huo ndio salamu ya kawaida, na kila mhusika lazima awe nao mmoja, la sivyo anabaki kimya. Kabla ya kuongeza ile amri ya kupanga, salamu ya kawaida ilikuwa juu ya orodha, ikashinda kila mara, na mzee hakuwahi kusema jambo jingine.

Kosa moja lilichukua siku nzima kuonekana. Mistari miwili yenye idadi sawa ya masharti ilibadilishana nafasi, leo unasikia huu, kesho ule. `sort_custom` haiahidi kuhifadhi mpangilio wa vitu vilivyo sawa. Suluhisho ni kumpa kila mstari namba ya umuhimu na kuitumia pale idadi ya masharti inapolingana. Utatambua una kosa hili pale mazungumzo yanapobadilika bila mchezaji kufanya lolote.

Kwa upande wa uandishi, mazungumzo yalipungua ubora kwa muda. Mtu anayejua msikilizaji wake ametoka wapi anaandika vizuri zaidi kuliko asiyejua. Kilichosaidia ni kuacha wahusika watoe maagizo. Mzee sasa anasema anachokijua: "Zamani mafuta ya mnara yaliwekwa Magofuni, chini ya kibla." Kauli hiyo ni kweli iwe mchezaji ameshafika huko au la, na haihitaji sharti lolote. Mistari 64 iliyokuwa ya maagizo imebaki 23 yenye masharti.

16 Machi. Maji kupwa, maji kujaa (saa 30)

Mikokoni kuna mkondo unaovukika kwa miguu maji yakipwa tu. Katika gemu ya zamani maji yalianza kupwa pale mchezaji alipokanyaga jiwe fulani, kwa hiyo kila mtu alifika wakati muafaka na akaona bahari ikijitenga mbele yake. Ilikuwa dakika nzuri kuliko zote za gemu ile.

Katika kisiwa kilicho wazi bahari haiwezi kumsubiri mtu mmoja mahali pamoja, kwa sababu anaiona kutoka kila upande. Kwa hiyo maji yanafuata saa. Saa moja ya gemu ni dakika moja halisi, na kwa kuwa baharini maji hujaa kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi, mzunguko wetu ni dakika 12 na sekunde 25. Mkondo unavukika kwa dakika 4 katika kila mzunguko. Aliyefika vibaya kabisa alisubiri dakika 8 na sekunde 25 akitazama maji. Wawili kati ya wajaribu sita walizima gemu hapo hapo.

Tulifupisha mzunguko hadi dakika 5. Kusubiri kulipungua, lakini bahari ilionekana kama beseni linalomwagwa, na wajaribu wanaotoka pwani walicheka. Urefu wa mzunguko umerudishwa ulivyokuwa.

Kilichofanya kazi ni vitu vitatu pamoja. Kwanza, nguzo zenye alama nyeupe zimesimamishwa majini, zinaonekana kutoka kilimani mita 300 mbali, hivyo mchezaji anajua hali ya maji kabla ya kuteremka. Pili, kwenye banda la mvuvi kuna kitanda cha kamba, ukilala saa inasogea. Tatu, kuna mtumbwi upande wa mashariki, sekunde 90 kutoka mkondoni, unaoelea maji yakijaa tu. Sasa hakuna wakati ambapo njia zote zimefungwa, na anayefika anakuta chaguo badala ya mlango. Ile dakika nzuri ya bahari kujitenga imepotea kwa wachezaji wengi. Dunia wazi inachukua vitu vya aina hiyo, na hakuna ujanja ulioirudisha bila kudanganya saa.

6 Aprili. Walinzi wa Pango (saa 24)

Kila mlinzi wa Pango ana uhai 40. Panga la Kijijini linatoa 10, kwa hiyo mapigo 4 yanatosha. Fimbo ya mwanzoni inatoa 5, yaani mapigo 8, na mchezaji anakufa kwa mapigo 3. Zamani hakuna aliyefika Pangoni na fimbo. Sasa wanafika.

Jaribio la kwanza: uhai wa walinzi ubadilike kulingana na silaha ya mchezaji. Mwenye fimbo anakuta uhai 20, mwenye panga anakuta 40. Kwenye karatasi ni haki. Ukicheza unagundua kwamba ni mapigo 4 siku zote, na panga halina thamani yoyote. Lawama ya namna hii iliikuta Oblivion ya mwaka 2006, ambapo hata majambazi wa njiani walikuja kuvaa deraya za thamani kadiri mchezaji alivyopanda. Jaribio limefutwa baada ya siku mbili.

Walinzi wamerudi kwenye 40 kwa kila mtu, na kazi ikahamia kwenye ishara. Mlangoni kuna mienge, walinzi wawili wanaonekana mita 60 kabla ya kuwafikia, na sauti ya mbwa inasikika mapema. Mlinzi hamfuati mtu zaidi ya mita 25 kutoka kwenye kituo chake, kwa hiyo aliyekosea anaweza kukimbia akabaki hai. Na kuna tundu juu ya Pango linaloingilika kwa kamba, ambayo kila mchezaji anaipata Ufukoni. Hiyo ndiyo faida ya kuwa na mwanzo uliofungwa: kamba ni kitu pekee tunachojua kwa hakika kwamba kila mtu anacho.

20 Aprili. Mnara unaoonekana mno (saa 19)

Mnara ulikuwa kwenye kilele, unaonekana kutoka Ufukoni. Wajaribu watano kati ya sita walitembea kuuendea kwa mstari ulionyooka, wakakuta hakuna mafuta, na hapo ndipo walipoanza kutafuta. Tulikuwa tumebomoa kuta zote, halafu tukasimamisha kitu kirefu kilichowavuta wote katika njia moja.

Wabunifu wa Nintendo walieleza katika mkutano wa CEDEC 2017 jinsi walivyotumia vilima vya umbo la pembetatu katika Breath of the Wild: kilima kinaficha kitu kilicho nyuma, kinamlazimisha mtu kuchagua apande au azunguke, na anapozunguka kitu kinachomoza kidogo kidogo. Tumeiga hilo. Kilima kimoja kati ya Ufuko na Mnara kimeinuliwa mita 18, kikaficha Mnara na kuacha moshi wa Kijiji kulia na kuta za Magofu kushoto. Mnara unachomoza ukishafika bega la kilima, takriban dakika mbili baadaye. Katika jaribio lililofuata watatu walikwenda kulia, wawili kushoto, mmoja akapanda.

4 Mei. Vipande na vitu vinavyosahaulika (saa 33)

Kisiwa kimekatwa vipande 64 vya mita 125 kila upande, na vinapakiwa kwa `ResourceLoader.load_threaded_request` mchezaji anapokaribia. Makosa mawili yanatosha kuandikwa.

La kwanza ni mpakani. Kipande kilipakiwa na kuondolewa kwa umbali ule ule wa mita 160, hivyo aliyesimama pale pale na kuyumba kidogo alisababisha kipakiwe na kuondolewa mfululizo, na picha ikakwama. Sasa kinapakiwa kwa mita 160 na kuondolewa kwa mita 220.

La pili ni la ubunifu zaidi kuliko la programu. Mchezaji alifungua sanduku Magofuni, akaenda zake, akarudi, akalikuta limefungwa na mafuta yamo tena. Kipande kilipoondolewa kiliondoka na hali yake. Kila kinachoweza kubadilika sasa kina jina lake katika ile kamusi ya `ukweli`, na kipande kikipakiwa kinasoma humo kwanza. Vitu 87 vimepewa majina kwa mkono. Viwili vilipewa jina moja kwa kunakili, na kufungua kisima kukafungua kaburi upande wa pili wa kisiwa, kwa hiyo skripti ndogo sasa inakagua majina yanayojirudia kila gemu inapowashwa.

Jumla hadi leo ni saa 231. Mifuatano 40 imeorodheshwa na 26 imechezwa hadi mwisho. Uliofeli ni mmoja: Pango, Magofu, Mikoko, Kijiji, Mnara, ambapo kauli ya mzee kuhusu mafuta inatokea mara mbili. Hiyo inafuata.